Fanksheni ya Thomae: inakatika kwenye kila namba wiano, inaendelea kwenye kila namba isiyo wiano

Karibuni. Leo tunajenga fanksheni moja hatua kwa hatua. Ukiwa na kalamu, karatasi na kikokotoo cha kawaida, simamisha video kila ninapokuomba ukokotoe. Fanksheni hii ilitolewa na Mjerumani Carl Johannes Thomae mwaka 1875.

Tuanze na kanuni yenyewe. Chukua namba yoyote x kati ya 0 na 1. Ikiwa x ni namba wiano, yaani inaandikika kama sehemu, irahisishe mpaka isirahisishike tena, kisha tazama asili yake, ile namba ya chini. Asili ikiwa q, basi f(x) = 1/q. Ikiwa x si namba wiano, kama vile kipeuo cha pili cha 2 ukitoa 1, basi f(x) = 0.

Simamisha video utafute f(4/10). Ukipata 1/10, umeruka hatua ya kurahisisha. 4/10 ni 2/5, kwa hiyo jibu ni 1/5. Hatua hii si ya kupendezesha jibu. Namba ile ile huandikika kama 2/5, 4/10, 6/15 na kuendelea bila kikomo, na tusipochagua mwandiko mmoja, x moja itakuwa na thamani nyingi na hatutakuwa na fanksheni kabisa. Kuhusu sifuri, iandike 0/1, kwa hiyo f(0) = 1. Vilevile f(1) = 1.

Sasa tuichore. Ukiwa na Python kwenye kompyuta, andika hivi:

```python
from math import gcd
import matplotlib.pyplot as plt

x, y = [], []
for q in range(1, 101):
    for p in range(0, q + 1):
        if gcd(p, q) == 1:
            x.append(p / q)
            y.append(1 / q)
plt.plot(x, y, ".", markersize=3)
plt.show()
```

Mstari wenye `gcd` ndio unaozuia sehemu ambazo hazijarahisishwa. Utapata nukta 3,045. Juu kabisa ziko mbili, kwenye 0 na 1. Chini yake kuna moja kwenye 1/2, halafu mbili kwenye 1/3 na 2/3, na kadiri unavyoshuka ndivyo nukta zinavyosongamana. Usijaribu kuipa kompyuta desimali kama 0.1 ikutafutie asili. Ndani ya mashine 0.1 huhifadhiwa kama sehemu nyingine yenye asili kubwa mno, na jibu litatoka karibu na sifuri badala ya 1/10. Anza na p na q, kama tulivyofanya hapa.

Tuje kwenye kiini. Fanksheni inaendelea kwenye nukta a ikiwa, kwa kila kiwango cha kosa utakachonipa, hata kiwe kidogo namna gani, naweza kukupa umbali ambao ndani yake thamani zote za f zinatofautiana na f(a) kwa chini ya kiwango hicho. Kiwango cha kosa tunakiita epsiloni, umbali tunauita delta.

Chukua a = √2 − 1, yaani 0.41421356 na kuendelea. Si namba wiano, kwa hiyo f(a) = 0. Tuseme epsiloni ni 1/10. Jiulize: ni x zipi zinazoweza kuniharibia? Namba zisizo wiano haziharibu kitu, kwa sababu zote zina thamani 0. Sehemu zenye asili 11 au zaidi nazo ni salama, kwani 1/11 ni ndogo kuliko 1/10. Wabaya ni sehemu zenye asili kuanzia 1 hadi 10 tu, na kati ya 0 na 1 zipo 33. Hapo ndipo uthibitisho wote ulipo: wabaya wana idadi yenye mwisho, na a mwenyewe hayumo kati yao kwa sababu si sehemu. Kwa hiyo yuko mmoja aliye karibu zaidi na a, na umbali wake si sifuri.

Tumtafute. Upande wa kushoto wa a, aliye karibu zaidi ni 2/5 = 0.4, umbali 0.01421. Upande wa kulia ni 3/7 = 0.42857, umbali 0.01436. Chagua delta = 0.014. Sasa kipande chako kinaanzia takriban 0.40021 na kuishia 0.42821, na ndani yake hamna hata sehemu moja yenye asili 10 au chini. Utaikuta 5/12 humo, lakini thamani yake ni 1/12, ambayo bado iko chini ya 1/10.

Kaza masharti: epsiloni iwe 1/100. Wabaya sasa ni 3,045, wengi lakini bado wana mwisho. Walio karibu zaidi ni 41/99 kushoto na 29/70 kulia, kila mmoja kwa umbali wa 0.000072 hivi. Delta = 0.00007 inatosha. Wengi hukosea hapa kwa kutaka delta moja ya kudumu. Delta huchaguliwa baada ya epsiloni, na kila epsiloni ikipungua, delta nayo hubanwa. Haifiki sifuri, na hilo ndilo tunalohitaji.

Kwa nini hoja hii haifanyi kazi kwenye 2/5? Kwa sababu hapo f(2/5) = 1/5, na ukipunguza kipande kiasi chochote, ndani yake zitabaki namba zisizo wiano zenye thamani 0, kwa mfano 2/5 + √2/n, n ikiwa kubwa vya kutosha. Tofauti ni 1/5 kamili na haipungui. Mpinzani akikupa epsiloni = 1/10, huna delta ya kumjibu. Fanksheni inakatika hapo, na vivyo hivyo kwenye kila namba wiano.

Sasa usidhani kwamba mahali inapoendelea kuna mteremko unaoweza kupimwa. Rudi kwenye √2 − 1, upime mteremko wa mstari unaotoka hapo hadi kwenye nukta za sehemu zinazoikaribia. Kwa 5/12, gawanya 1/12 kwa umbali 0.0024531, upate karibu 34. Kwa 12/29, iliyo upande wa kushoto, unapata karibu −82. Kwa 29/70 unapata karibu 198. Ukipita kwenye namba zisizo wiano peke yake, mteremko ni 0 daima. Majibu hayatulii kwenye namba moja, kwa hiyo f haina drivativu kwenye nukta hii, ingawa inaendelea hapo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa sehemu inayofuata, 70/169, ukitumia desimali nane au zaidi za √2, uone mteremko unavyoruka tena upande wa hasi.