Usiulize Bei, Uliza Pengo

Nimeshalisema hili mara nyingi hadi mke wangu analijua kwa moyo, lakini kila wiki ninakutana na mtu aliyebadilisha fedha nyingi na kurudi nyumbani akitabasamu ilhali ameliwa. Kwa hiyo mtanivumilia. Bei ya kununua na bei ya kuuza mnazijua, sizirudii.

Nawapa kisa kimoja. Mama mmoja aliuza nyumba akapata euro 200,000, akataka dola. Asubuhi alikwenda benki yake, akaambiwa atapewa dola 1.0725 kwa kila euro. Akakataa, kama mtu mwenye akili. Akaenda zake kunywa chai, akarudi alasiri. Meneja akampokea kwa bashasha: "Mama, kwa kuwa wewe ni mteja wetu wa siku nyingi, nimekupigania, nimepata 1.0780." Yule mama akashukuru, akatia saini. Aliponisimulia alijiona bingwa wa kupatana bei.

Nikamuuliza swali moja tu: asubuhi bei ya kati sokoni, ile iliyo katikati ya bei ambazo benki zenyewe zinanunuliana na kuuziana, ilikuwa ngapi, na alasiri ngapi? Hakujua. Tukaangalia. Asubuhi ilikuwa 1.1000, alasiri imepanda hadi 1.1060. Sasa toeni wenyewe. Asubuhi benki ilijiwekea pointi 275, maana pointi moja ni tarakimu ya nne baada ya nukta. Alasiri ilijiwekea 280. Meneja hakumpigania mtu! Soko lilipanda, benki ikampa sehemu ya kupanda huko na kujiongezea pointi 5, na mama akasema ahsante. Katika euro 200,000, pointi 280 ni dola 5,600. Hapo hakuna aliyeiba wala kudanganya kwa karatasi. Hata risiti iliandikwa "ada: sifuri", na kweli ada haikuwepo, maana malipo yote yalikuwa ndani ya bei.

Ndiyo maana nasema usiulize bei. Bei inapanda na kushuka kila sekunde. Ukiishika hiyo, unashika moshi. Uliza pengo kati ya bei unayopewa na bei ya kati. Ifungue kwenye simu yako mkiwa mnaongea, si kabla wala baadaye, kisha sema: "Naona 1.1000. Mnakaa pointi ngapi chini yake?" Mtu wa kaunta atababaika, kwa sababu hana mamlaka ya kujibu. Vizuri! Mwambie akuunganishe na idara ya hazina, maana huko ndiko bei inakotengenezwa.

Najua kuna anayenong'ona hapo nyuma, "Lakini bei si imebandikwa ukutani?" Ndugu yangu, ile ya ukutani ni ya msafiri mwenye noti za mfukoni. Benki yenyewe, kwa euro na dola, hununua na kuuza kwa pengo dogo sana kuliko hilo, na mara nyingi pointi chache tu. Nafasi ya kushuka ipo, ila hakuna atakayekushushia bila kuombwa.

Kisha pata benki au wakala wa pili, na uwaulize wote wawili ndani ya dakika zile zile. Ukimpigia mmoja asubuhi na mwingine jioni, unalinganisha saa, hulinganishi watu. Mdogo wake yule mama alifanya hivyo na kiasi kile kile, bei ya kati ikiwa 1.1000. Wa kwanza alianza na pointi 165, wa pili akasema 70, wa kwanza akarudi na 44. Akapokea dola 219,120. Kwa bei ya asubuhi ya dada yake angepata 214,500. Hesabu ya kichwa: kwa kiasi hicho, kila pointi 10 ni dola 200.

Tahadhari, na hapa naona mwenyekiti ananionyesha saa. Fedha ziwe kwenye akaunti na nyaraka za chanzo chake ziwe tayari, kwa sababu bei ya simu huishi kwa sekunde, na ukisema "ngoja nihamishe kwanza" imekufa. Usifanye mwishoni mwa wiki: soko limefungwa, na wanatanua pengo kujikinga na bei ya Jumatatu. Na kama sarafu yako hainunuliwi sana duniani, usimdai mtu pointi 44, hata benki zenyewe hazipatiani hivyo. Hapo linganisha asilimia kati ya wakala na wakala.

Ya mkataba wa bei ya mbele, ule wa kukubaliana leo bei ya kubadilishia fedha siku ya baadaye, nilitaka kuyasema, basi tena. Haya, yule mwenye shati la bluu, uliza.