Bafu lanuka maji taka na umeshamwaga jiki? Tuitafute harufu inapotokea

Haya jamani habari za saa hizi, leo niko Tudor hapa Mombasa, flati ya orofa ya tatu, mama mmoja ameniita bafu lake lanuka maji taka wiki ya tatu sasa, jiki amemwaga, udi amechoma, na kila jioni harufu yarudi pale pale.

Kabla ya kushika spana, udi zima, maana unaficha kile unachokitafuta, na gesi ya maji taka huwa na methani ambayo yashika moto, kwa hivyo kiberiti usikisogeze kwenye paipu. Halafu toka nje dakika kumi ukarudi. Pua huchoka, ukikaa nayo sana huiskii tena, utasema imekwisha kumbe ni wewe umeizoea.

Twaanza na trapu. Hii chini ya sinki iliyokunjika kama U, na hii ya sakafuni. Ndani yake yanafaa kukaa maji, kina cha sentimita 5 hivi, na hayo maji ndiyo kizibo chenyewe. Natoa kichungi, namulika na tochi ya simu, maji yangekuwepo yangemeremeta, mnaona? Giza tupu. Kama yako ya sakafuni ni ile yenye kikombe kilichopinduliwa ndani hakikisha kikombe kipo, maana nywele zikijaa watu hukitoa wakakitupa na hapo umebaki na shimo la mfereji.

Sasa, bafu la wageni ambalo halitumiki, maji hukauka yenyewe na joto letu hili, unamwaga lita mbili na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake yasikauke upesi, umemaliza. Lakini huyu mama aoga hapa kila siku! Bas nimemwaga lita mbili, nimetumbukiza kijiti cha mshikaki, maji yalipofika nimetia alama kwa kalamu, kesho asubuhi nitapima tena kabla mtu hajaoga.

Tukingoja tuangalie mipira inayoziba paipu zinapoungana. Hii paipu ya kujikunja ya sinki, fundi ameichomeka tu ukutani, kidole changu chapita pembeni. Trapu yaweza kuwa nzima na gesi ikapita kando yake hapa. Nimetia raba ya kuziba, shilingi chache tu, twendelee.

Asubuhi hii, tazameni kijiti. Maji yameshuka vidole viwili, na usiku mmoja hauwezi kukausha hivyo, hayo yamevutwa. Nimemuomba jirani wa juu aflashi na mimi nimechutama hapa... sikieni, glu glu glu, na maji yanatikisika yakishuka. Paipu haipati hewa ya juu kwa hivyo yaivuta kupitia trapu yetu, yaondoka na maji yake. Hiyo ni shida ya venti, ile paipu ya hewa inayotokeza juu ya nyumba.

Tumepanda kwenye dari, huku juu ni zege tambarare, kama kwenu ni mabati muachie fundi. Mimi nilitarajia kiota cha kunguru, mwawajua hawa wa kwetu na vijiti vyao na waya, kumbe mtu amefunga gunia mdomoni mwa venti kwa sababu harufu yake yaingia kwenye nguo zilizoanikwa! Namuelewa, lakini dawa ni kuirefusha paipu ipite vichwa vya watu na kuiwekea wavu, sio kuiziba. Gunia nimetoa, jirani ameflashi tena, maji ya trapu yamecheza kidogo yakatulia pale pale.

Ingekuwa imekwisha, ila kuna kaharufu bado nyuma ya choo. Nimefunika trapu ya sakafu na tundu la sinki kwa plastiki na selotepu, nimefunga mlango saa nzima. Nimefungua, yanuka vile vile, kwa hivyo sio trapu. Kaa kwenye choo ujitikise kushoto kulia, kikicheza ujue. Hiki chacheza, na nyuma ule mpira wa kuunganisha choo na paipu umechomoka upande wa juu. Maji yapita chini ndiyo maana sakafu ni kavu na hakuna aliyeshuku, gesi yatokea juu.

Hapa usipake simiti, kitacheza tena kipasuke. Funga koki, flashi, kausha maji yaliyobaki na sponji, fungua skurubu, vuta choo mbele, weka mpira mpya uliopakwa maji ya sabuni uingie wote bila kukunjika, kisha kaza skurubu kwa zamu pole pole, ukilazimisha kauri yapasuka. Fungua koki, flashi mara tano na karatasi ya choo imezungushwa kwenye mpira, ikitoka kavu paka silikoni chini, na asikikalie mtu mpaka kesho saa kama hizi.