Broila: usibadilishe chakula kwa kalenda, pima kwanza

Haya wafugaji, leo tupo bandani na mizani, huyu hapa kifaranga wa siku 1, ana gramu 42, andika hiyo namba kwenye daftari maana ndo tutakayoifukuzia wiki nzima.

Siku 14 za kwanza ni stata, ile ya chenga ndogo, kwa kuku 100 mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Usiku wa kwanza shika gole la kifaranga hapa chini ya shingo, likiwa limejaa na ni laini basi amekula na amekunywa, likiwa tupu angalia joto kabla hujalaumu chakula.

Siku ya 7 asubuhi tunapima. Chukua ndoo, ipime tupu, halafu okota kuku 10 kutoka kila kona, usichague wale wanono wanaokukimbilia eti upate kujifurahisha, weka kwenye ndoo, toa uzito wa ndoo, gawa kwa 10. Tunataka angalau mara 4 ya ule uzito wa kwanza, yani kama gramu 170.

Batchi yangu iliyopita ndoo iliniambia kilo 1 na robo, yani gramu 125 kwa kuku, nikachoka! Chakula kilikuwa kilekile siku zote, tatizo mkaa ulikuwa unazima saa 9 usiku, wanajikusanya kwenye kona wanapeana joto na hakuna anayekwenda kula. Nikaongeza jiko la pili, na stata sikuikata siku ya 14 maana walikuwa gramu 330 na mimi nawataka 400 na kitu, nikaendelea nayo mpaka siku ya 18 ndo nikaanza kuchanganya na growa, nusu kwa nusu siku 2, ili wasishtuke wakaharisha.

Growa inakwenda mpaka siku ya 28, hapa ndo wanakula kweli, andaa mifuko 3 kwa hao 100. Siku ya 21 tafuta gramu 800 hivi, siku ya 28 kilo 1.3 kwenda juu. Ukiona wastani upo sawa ila kuna wa kilo 1 na wa kilo 1.6 banda moja, hesabu vyombo, wadogo wanasukumwa, na inua chombo kilingane na mgongo wa kuku, kikiwa chini wanamwaga.

Finisha ni wiki ya mwisho, mifuko 2 na kitu, lengo kilo 1.8 mpaka 2 siku ya 35. Wale wangu siku hiyo walikuwa 1.7, mteja anataka 1.9, ikabidi niwaweke siku 3 zaidi, na kuku 100 wa umri huo siku 3 ni mfuko mzima wa finisha, ndo bei niliyolipia ule mkaa.