Gunia la mkaa halipiti bandarini: mpango wa taifa wa tabianchi na tozo ya kaboni

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Mbeya, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Wengine wote habari za jioni. Sitawaeleza mabadiliko ya tabianchi ni nini. Mnalima, mnajua mvua zilivyokuwa na zilivyo sasa. Nimekuja kuzungumzia hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayowafikia jikoni, na ndiyo ambayo hakuna anayependa kuwaeleza.

Waraka wa mpango wa tabianchi ambao nchi yetu, Tanzania, iliupeleka Umoja wa Mataifa mwaka 2021 unasema kwamba ifikapo 2030 tutapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35. Nikifika mahali huwa nauliza: asilimia 30 ya nini? Na karibu kila mara najibiwa, ya tunachozalisha sasa. Hapana. Ni asilimia 30 ya kile ambacho tungezalisha mwaka huo wa 2030 kama tungeendelea na mazoea yetu bila kubadilisha kitu. Huo ndio naouita mstari wa mazoea.

Mnacheka? Ngoja. Baba mmoja anamwambia mkewe, "Mama Neema, mwezi huu nilipanga kunywa bia 30, nimekunywa 20. Nimepunguza theluthi." Mama Neema anakumbuka kwamba mwezi uliopita alikunywa 15. Wote wawili wanasema kweli! Ila mmoja anapima kutoka kwenye mpango wa mlevi na mwingine anapima kutoka kwenye chupa zilizopo chini ya meza.

Najua kuna mtu anasema moyoni, basi ni ulaghai. Si ulaghai, na hapa naomba mnisikilize. Umoja wa Ulaya umeahidi kushuka kwa angalau asilimia 55 ifikapo 2030, ukipima kutoka viwango vya mwaka 1990. Wao wanaweza kupima hivyo kwa sababu viwanda, barabara na nyaya za umeme walishajenga. Sisi sensa ya 2022 imetuhesabu watu milioni 61.7, na tunaongezeka. Kuna vijiji umeme umeingia juzi. Ukituambia tupime kutoka tulipo leo, unatuambia tusijenge. Kwa hiyo kupima kutoka mstari wa mazoea ni halali kwa nchi kama yetu. Ninachokikataa ni mtu kunitajia asilimia halafu akanificha mstari.

Na mstari huo hutengenezwa hivi. Kwanza wataalamu wanahesabu gesi ya miaka iliyopita: magari, mitambo ya umeme, ng'ombe, mashamba ya mpunga, taka, na misitu inayofyekwa. Kisha wanakadiria watu watakuwa wangapi na uchumi utakua kwa kasi gani, na hapo ndipo mstari unapopanda kuelekea 2030. Ukikadiria uchumi utakua haraka sana, mstari unapaa, na ahadi yako inakuwa rahisi kabla hujafanya lolote. Mwisho wanaorodhesha hatua, kwa mfano umeme wa maji na gesi asilia, usafiri wa umma, majiko sanifu, upandaji miti, na wanatoa kwenye mstari kile ambacho kila hatua itaokoa.

Sasa jambo ambalo nimelisema Iringa, nimelisema Njombe, na wenzangu wakiniona nasimama wanajua linakuja. Waraka uliotangulia huu wa 2021, ambao uliahidi kupunguza asilimia 10 hadi 20, uliandika kwamba mstari wa mazoea wa 2030 ni tani milioni 138 hadi 153. Waraka wa 2021 nao una tani milioni 138 hadi 153, tarakimu zile zile. Lakini safari hii umeandika kwamba hicho ndicho kiasi kitakachopunguzwa.

Chukueni kalamu. Kama milioni 138 hadi 153 ni mstari, basi asilimia 30 ya 138 ni tani milioni 41 na kidogo, na asilimia 35 ya 153 ni kama milioni 53 na nusu. Hiyo ndiyo ahadi. Lakini kama 138 hadi 153 ndicho kinachopunguzwa, basi mstari wenyewe lazima uwe kati ya milioni 437 na 460, maana 138 ni asilimia 30 ya 460. Yaani kwa sentensi moja iliyobadilika, nchi ni ile ile, ng'ombe ni wale wale, mstari umekuwa mara tatu. Simsemi mtu. Waraka unapita mikononi mwa watu wengi, sentensi zinaunganishwa usiku. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuligundua hili kwa kugawanya, na mimi huwa nashangaa ni semina ngapi zimefanyika, chai na sambusa zimeliwa, na hakuna aliyegawanya.

Haya. Tozo.

Najua neno hilo linawachoma, tozo ya miamala ya simu ya 2021 hamjaisahau. Tozo ya kaboni wazo lake ni hili: kila tani ya hewa ukaa iwe na bei. Afrika Kusini walianza Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani. Tuchukue mfano wangu mwenyewe, msije mkasema serikali imesema: tuseme shilingi 25,000 kwa tani, yaani shilingi 25 kwa kilo ya hewa ukaa.

Lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi. Mara 25, ni shilingi 57 na nusu kwa lita. Dizeli inatoa karibu kilo 2.7, hivyo ni shilingi 67 na nusu. Kilo moja ya gesi ya kupikia inatoa kilo 3, kwa hiyo mtungi mdogo wa kilo 6 unaongezeka shilingi 450. Haikusanywi kwako. Inakusanywa mafuta yanaposhushwa bandarini, maana waagizaji ni wachache na mita zipo. Wewe utaiona Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitoa bei kikomo.

Lakini haiishii hapo. Fuso la viazi kutoka Uyole hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800, tuseme linakula lita 280. Tozo yake ni shilingi 18,900. Likiwa na magunia 100, kila gunia linabeba shilingi 189, na ukihesabu kurudi tupu ni kama 380. Hapo mkulima asipige kelele sana, lumbesa inamwibia zaidi ya hiyo kila msimu na hakuna aliyeiita tozo. Bodaboda ndiye tatizo. Kwa lita zake nne za siku gharama imepanda shilingi 230, ukigawa kwa abiria wake wote ni shilingi chache. Je, ataongeza shilingi hizo chache? Ataongeza mia tano kwa kila kichwa! Tozo inatoka bandarini ikiwa ndogo na inafika sokoni Mwanjelwa imevimba, na ile iliyovimba haiingii serikalini.

Sasa jiko, ambalo ndilo lililonileta. Gunia la mkaa la kilo 50 kwa nyumba nyingi hapa ni la mwezi. Kazi ile ile ya kupika, ukizingatia joto linalopotea kwenye jiko la kawaida, inafanywa na kilo 12 hivi za gesi, yaani mitungi midogo miwili. Mitungi hiyo inatoa kilo 36 za hewa ukaa. Gunia la mkaa likiungua linatoa zaidi ya kilo 130, na hapo sijahesabu moshi wa tanuri kule porini. Tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kilo sita, saba za kuni kupata kilo moja ya mkaa, hivyo gunia hilo limekula zaidi ya kilo 300 za mti.

Nani anatozwa? Mwenye gesi, shilingi 900 kwa mwezi. Mwenye mkaa, sifuri, kwa sababu gunia halipiti bandarini. Linashuka usiku kwenye pikipiki.

Na kwenye hesabu za taifa mambo ni ya ajabu zaidi. Kwa kanuni za kimataifa, hewa ukaa ya kuni na mkaa haihesabiwi jikoni. Inahesabiwa msituni, kama mti uliopungua. Kanuni hiyo ina mantiki, maana mti ukiota tena unaivuta hewa hiyo. Ila matokeo yake ni kwamba mama akiacha mkaa akanunua gesi, gesi yake inaandikwa mara moja kwenye safu ya nishati na safu hiyo inapanda. Faida yake inatakiwa ionekane kwenye safu ya misitu, na huko vipimo ni vya kukadiria, picha za setilaiti na sampuli, na mti mmoja mmoja uliokatwa katikati ya msitu hauonekani kirahisi. Mama amefanya jambo sahihi, karatasi inaonyesha amechafua. Na wakati huo huo tuna mkakati wa nishati safi ya kupikia, ulizinduliwa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ukiweka tozo ya kaboni kwenye mtungi bila kugusa gunia, mkono wa kulia unamvuta mama na wa kushoto unamrudisha.

Nasikia huko nyuma mtu anasema, basi tozeni mkaa. Bwana mdogo, wewe si wa huku. Juni na Julai hapa, au Makete, jiko la mkaa linapika na linapasha nyumba. Gesi ukizima imezima. Ukipandisha bei ya mkaa Juni, hujamhamisha mtu kwenda gesi, umempeleka kwenye kuni. Na kabla sijasahau: jiko la mkaa usilale nalo ndani mlango umefungwa. Gesi yake haina harufu na inaua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Tozo inaweza kurudishwa kwa wananchi. Kanada walikuwa wanawarudishia watu fedha kwenye akaunti, na hata hivyo waliifuta ile ya mafuta ya wananchi Aprili 2025 kwa kuwa bei ya pampu watu waliiona na marejesho hawakuyaona. Kwetu rahisi zaidi ni kuusamehe mtungi mdogo na kuelekeza fedha kwenye jiko na mtungi wa kwanza, maana huo wa kwanza ndio unaoshinda watu.

La mwisho, biashara ya kaboni ni kitu kingine kabisa. Hiyo unalipwa, na ina kanuni zake za mwaka 2022. Akija mtu kijijini Mufindi na mkataba wa miti, muulizeni mambo mawili tu: miaka mingapi, na asilimia ngapi inabaki kijijini. Akianza kueleza joto la dunia, mrudisheni kwenye swali.

Maswali. Mama mwenye kitenge cha kijani, wewe ulinyoosha mkono tangu kwenye bia.