Dh, Z na Kilabu: Kusawazisha Tahajia Kabla ya Faharasa

Ndugu zangu, leo nataka tuitazame kanuni moja inayowavutia wengi wanaotengeneza mitambo ya kutafuta matini ya Kiswahili: geuza kila dh iwe z, kila th iwe s na kila kh iwe h, kisha ndipo ujenge faharasa. Sababu yake ni ya kweli. Sauti hizo zimeingia na maneno ya Kiarabu, na watu wengi huandika wanavyotamka. Huyu ataandika fedha, yule feza. Huyu themanini, yule semanini. Anayetafuta fedha hatampata aliyeandika feza.

Kwa kh sina ugomvi. Khabari ni habari, kheri ni heri, na ni nadra maneno mawili tofauti kugongana. Lakini tazameni sentensi hizi: "Daktari alimdhuru mgonjwa" na "Daktari alimzuru mgonjwa." Kanuni ikishapita, kuumiza na kutembelea ni kitu kimoja. Ndivyo zinavyopotea dhana na zana, thamani na samani.

Kwa hiyo napendekeza kanuni hiyo itafute washukiwa tu, isihukumu. Toa orodha ya maneno yote yaliyomo kwenye matini yako, pamoja na idadi ya kila moja. Yapitishe kwenye kanuni, halafu yaweke pamoja yanayofanana baada ya kugeuzwa. Kila kundi lenye neno zaidi ya moja lisomwe na mtu. Feza ikiwa chache, fedha ikiwa tele, na majirani zao katika sentensi ni walewale, hizo ni tahajia mbili za neno moja. Dhana na zana zote zitakuwa nyingi, ila moja hukaa karibu na nadharia, nyingine karibu na kilimo. Ziacheni. Yaliyothibitishwa tu ndiyo yaingie kwenye jedwali:

```
feza => fedha
semanini => themanini
khabari => habari
klabu => kilabu
```

Mstari wa mwisho umetoka Kiingereza, na unaonyesha kwa nini mpangilio wa hatua una uzito. Programu ya kuondoa viambishi hukata kilabu na vilabu, zote zikabaki labu. Klabu haina cha kukatwa, hivyo anayeitafuta hatapata vilabu. Jedwali likitangulia, zote tatu hukutana. Waziri naye awekwe kwenye orodha ya wasioguswa, kwa sababu wa- yake si kiambishi. Ikikatwa hubaki ziri. Vitenzi vinahitaji jedwali la pili, la mashina, baada ya kukata: amesibitisha haitajulikana mpaka ibaki sibitisha.

Neno analoandika mtafutaji lipitie hatua zilezile, kwa mfuatano uleule. Na matini asilia yahifadhiwe kando bila kuguswa, kwani msomaji lazima aone alichoandika mwandishi. Aliyeandika zana akikusudia dhana, jedwali haliwezi kumgundua. Hapo maneno ya jirani ndiyo yanayoweza kuamua.