Tambua vifaa vya dripu kwa picha, kisha agiza saizi inayoingia

Karibuni wakulima wenzangu. Leo tunaitengeneza picha ambayo muuza vifaa vya dripu akiipokea kwenye simu, atakufungashia kitu kinachoingia. Mezani nina kipande cha tepu ya dripu, stata ya kuanzia mstari, kiungio na koki, vyote vimetoka kwenye shamba moja la nyanya. Shamba hilo lina mistari 20, kila mmoja mita 50, na panya wametafuna tepu za mistari 8. Tutafuata kifaa kimoja baada ya kingine mpaka tuandike oda.

Kwanza picha yenyewe. Safisha kifaa kwa maji na mswaki wa zamani, maana maandishi mengi yamefichwa na tope. Kilaze juu ya karatasi nyeupe, kisha weka kando yake ile kadi ya plastiki inayobaki ukishachomoa laini mpya ya simu. Ikiwa ni ile kubwa nzima, urefu wake ni milimita 85.6, sawa na kadi ya benki. Kadi ya benki yenyewe usiitumie, kwa sababu namba zake zitaonekana. Rula pia inafaa sana.

Sasa tazama simu ilipo. Iko juu kabisa ya meza, haijainama, na iko mbali kidogo, kama nusu mita, halafu nimevuta kwa zumu. Ukiisogeza karibu mno, kitu kilichoinuka mezani huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kwa hiyo kama kifaa chako ni kinene, inua kadi kwa kuiweka juu ya kiberiti au kitabu ili ilingane na usawa wa sehemu unayotaka kuipima.

Picha ikishakuwa tayari, ipime kwenye kioo cha simu. Hapa kwangu kadi inasoma milimita 107 kwenye kioo, wakati urefu wake wa kweli ni 85.6. Nikigawa 107 kwa 85.6 napata 1.25. Mdomo wa stata kwenye kioo unasoma milimita 20. Nagawa 20 kwa 1.25, napata 16. Hiyo inakutosha kutofautisha 16 na 20. Haitoshi kutofautisha 16 na 17, na zote mbili zipo sokoni, kwa hiyo hapo tunahitaji alama nyingine.

Tuje kwenye tepu, na hapa naomba utulie nami, maana hapa ndipo oda nyingi zinapoharibika. Tepu ya dripu ikiwa haina maji hulala bapa. Ukiiwekea rula, angalia, inasoma milimita 25. Mtu anaandika, "Naomba viungio vya 25," na analetewa vitu vinavyopwaya. Upana wa tepu iliyolala ni nusu ya mzunguko wake, si kipenyo. Chukua upana huo, zidisha kwa 2, gawa kwa 3.14. Hapa 25 mara 2 ni 50, gawa kwa 3.14 unapata karibu 16. Hii ni tepu ya 16. Ikisoma milimita 34 au 35, ni ya 22. Hosi bapa za kupeleka maji shambani zinafuata kanuni hiyo hiyo: ile ya inchi 2 ikilala ina upana wa karibu sentimita 8.

Bomba gumu la mviringo tunalipima kwa njia nyingine. Zungushia ukanda wa karatasi, weka alama panapokutana, unyooshe, upime, kisha ugawe kwa 3.14. Bomba kuu la shamba hili lina mzunguko wa milimita 157, yaani kipenyo cha nje ni 50. Ni PVC ya 50, ambayo fundi dukani anaiita inchi moja na nusu. Ungepata 198, hiyo ingekuwa 63, ya inchi 2.

Sasa stata. Usiangalie ukubwa tu, angalia inavyoshika. Hii hapa ina kofia yenye uzi inayozunguka na kubana tepu kwa nje. Hiyo ni ya tepu nyembamba. Hii nyingine haina kofia, ina meno tu kama ya mshale, na ni ya bomba la dripu lenye ukuta mnene. Zote mbili dukani zinaitwa 16, lakini haziingiliani. Bomba nene la 16 linapimwa kwa nje, na ndani lina karibu 14 tu, wakati tepu ya 16 inapimwa kwa ndani. Ukiivalisha tepu kwenye stata ya meno bila kofia, itakaa vizuri mpaka maji yafunguliwe, kisha itachomoka. Kwa hiyo kwenye picha yako onyesha kofia, na kama imepotea, onyesha uzi wake. Halafu mwambie muuzaji waziwazi kama mpira wako ni tepu au ni bomba nene. Ukiubonyeza ukalala kama utepe, ni tepu. Ukirudi kuwa mviringo wenyewe, ni bomba nene.

Upande wa pili wa stata hii kuna raba, ile inayokaa ndani ya tundu la bomba kuu. Raba zina saizi zake, na tundu lako tayari limetobolewa, kwa hiyo raba ndiyo inayopaswa kulifuata tundu. Chukua biti za dreli, jaribu ile inayoingia bila kupwaya, kisha piga picha ya namba iliyochongwa kwenye shina lake. Hapa ni 16. Kama bomba lako kuu ni hosi bapa, raba ya aina hii haitashika kwenye ukuta mwembamba namna ile. Omba stata ya kukazwa kwa nati ndani na nje.

Koki ya kichujio ina uzi, na uzi una mtego wake. Rula inasoma milimita 26 kwa nje. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo mtu anasema ni ya inchi moja. La, hii ni robo tatu. Saizi ya uzi wa mabomba ni jina lililotokana na njia ya maji ya ndani, si upana wa uzi. Uzi wa nje wa nusu inchi unasoma karibu 21, wa robo tatu karibu 26, wa inchi moja karibu 33. Kwenye oda andika pia kama unataka uzi wa nje au wa ndani, na wakati wa kufunga usisahau tepu nyeupe ya uzi.

Inabaki sehemu inayotoa tone. Nikiinyosha tepu na kuielekeza kwenye mwanga, naona maandishi: 16 mm, 0.2 mm, 30 cm, 1.6 l/h. Maana yake ni kipenyo, unene wa ukuta, umbali kati ya tundu na tundu, na lita kwa saa kwa kila tundu. Ukikuta 8 mil, ni unene ule ule wa 0.2. Maandishi haya yapigie picha ya peke yake, ya karibu, bila fleshi, kwa sababu fleshi huyafuta kwa mng'ao.

Yakiwa yamefutika, pima umbali wa matundu kwa rula, kisha weka kikombe chini ya tundu moja kwa dakika 6. Maji uliyopata zidisha kwa 10. Mililita 160 ndani ya dakika 6 ni lita 1.6 kwa saa. Tenki likiwa juu kwa mita moja tu, presha ni ndogo na utapata pungufu ya kilichoandikwa kiwandani, basi mtajie muuzaji na urefu wa tenki lako. Njia hii inafaa pia kwa dripa za vitufe zinazochomekwa juu ya bomba. Rangi za vitufe hivyo usizitegemee: kila kiwanda kina mpangilio wake. Tafuta namba iliyochongwa juu ya kifuniko.

Kwa nini nasisitiza matundu? Kwa sababu mistari 12 ya zamani inabaki shambani. Tepu ya sasa inatoa karibu lita 5.3 kwa kila mita kwa saa. Tuseme duka halina, wanakupa yenye tundu kila sentimita 20 na lita 2 kwa saa. Viungio vitaingia bila shida, lakini kila mita itatoa lita 10. Mistari 8 itapata maji karibu mara mbili ya ile 12, na koki ya mwanzoni mwa bomba kuu haitalinganisha hilo. Kama tepu inayofanana haipatikani kabisa, ni afadhali mistari mipya ikae pamoja upande mmoja wa shamba na iwe na koki yake, uifungulie kwa muda wake.

Haya, tunaandika ujumbe, tukiambatanisha picha nne: stata na kadi, biti kwenye tundu, uzi wa koki na rula, na maandishi ya tepu.

"Habari za kazi kaka. Naomba tepu ya dripu 16 mm, unene 0.2 mm, tundu kila 30 cm, lita 1.6 kwa saa, mita 420. Stata 16 mm za tepu, zenye kofia ya kukaza, pamoja na raba za tundu la 16 mm, bomba ni PVC 50 mm, nipe 10. Viungio vya tepu kwa tepu 16 mm, kofia pande zote mbili, 10. Koki moja ya robo tatu, uzi wa nje. Kama kuna kitu huna, usibadilishe kabla hujanipigia."

Mistari 8 ya mita 50 ni mita 400. Hizo 20 za ziada ni za kukunja miisho. Vifungio vya mwisho sikuagiza. Kunja mwisho wa tepu mara mbili, kisha uvalishe pete ya sentimita 6 iliyokatwa kwenye tepu ile ile. Inashika vizuri, na unaifungua kirahisi unapoosha mistari.

Mzigo ukifika, usikate tepu bado. Valisha stata moja kwenye kipande cha tepu ya zamani, kisha kwenye ncha ya tepu mpya, kila mara kaza kofia kwa mkono, vuta. Ikitoka, zirudishe zote zikiwa hazijatumika. Isipotoka, funga mstari mmoja, acha mwisho wazi maji yatoke mpaka yawe safi, kunja mwisho, kisha kagua pale kwenye raba. Pakiwa pakavu baada ya dakika 10, endelea na mistari saba iliyobaki.