Riba Asilimia 8 Imetoka Wapi? Swali Moja la Mahitaji na Ujazi wa Fedha

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Mliosimama mlangoni ingieni tu, viti viko huku mbele.

Leo tuna swali moja tu na tutakaa nalo mpaka lieleweke, maana wiki iliyopita niliwapa swali kama hili na karibu nusu ya karatasi zilirudi na jibu sifuri. Riba asilimia sifuri. Na hesabu zenyewe zilikuwa safi, hakuna aliyekosea kutoa wala kugawanya, kosa lilikuwa mstari wa kwanza kabisa na baada ya hapo kila kitu kikaenda sawasawa kuelekea jibu lisilo sahihi. Hilo ndo linaniuma, kwa sababu mtu aliyefanya hivyo hesabu anazijua, ila hajaambiwa vizuri ile hesabu inazungumzia nini.

Swali lenyewe hili hapa ubaoni, nchi ni ya mfano na namba nimezitunga ili zigawanyike vizuri:

```
Mahitaji:  Md/P = 0.25Y - 50r
Y = 8000    M = 2000    P = 1.25
```

Md ni fedha ambazo watu wanataka kuzishika. Y ni pato la taifa kwa thamani halisi, bilioni 8000. M ni ujazi wa fedha, bilioni 2000, hizo ndo hela zilizopo mikononi mwa watu na kwenye akaunti zao. P ni fahirisi ya bei, yaani kapu la bidhaa lililokuwa linauzwa 100 mwaka wa kuanzia sasa hivi linauzwa 125. Na r ni riba kwa asilimia, kwa hiyo asilimia nane tunaandika 8, hatuandiki 0.08. Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia.

Kabla ya kukokotoa, hayo mahitaji ya fedha ni nini? Watu wengi wakisikia mahitaji ya fedha wanawaza hamu ya kuwa tajiri, wanasema si kila mtu anataka hela, mahitaji yana mwisho kweli? Sivyo. Wewe mali yako ni ile ile, tuseme una milioni tatu. Swali ni kwamba kati ya hiyo milioni tatu kiasi gani utakiacha kama hela ya kutumia muda wowote, na kiasi gani utakiweka kwenye kitu kinachozaa, mfano dhamana za serikali au hatifungani. Mahitaji ya fedha ni hicho kiasi cha kwanza tu.

Mama anayeuza chakula anaamka saa kumi alfajiri, lazima awe na hela ya nyanya, ya mkaa, ya mchele, hawezi kwenda sokoni na karatasi ya hatifungani. Biashara ikikua na hela anayotembea nayo inaongezeka, hiyo ndo 0.25Y: kwa kila shilingi 100 ya pato, watu wanataka kuwa na 25 mkononi. Sasa ile minus 50r ndo upande wa pili, hela iliyokaa kwenye droo haizai kitu, riba ikipanda unajiona unapoteza, unapunguza kushika. Kila riba ikipanda asilimia moja, watu wa nchi hii wanapunguza bilioni 50.

Haya, tukokotoe. Kwanza pato: 0.25 mara 8000 ni 2000. Kwa hiyo mahitaji yanakuwa 2000 toa 50r.

Na hapa ndo pale pale palipowaangusha. Unaona 2000 huku, unaona M ni 2000 kule, mkono unaandika wenyewe 2000 = 2000 - 50r, riba sifuri, umemaliza. Lakini angalieni upande wa kushoto wa ule mlinganyo, haujaandikwa Md, umeandikwa Md/P. Yaani watu hawahesabu noti, wanahesabu noti zinanunua nini. Bilioni 2000 kwenye nchi ambayo bei zimepanda kwa robo hazinunui vitu vya bilioni 2000. Kwa hiyo na ujazi wenyewe lazima uugawanye kwa bei kwanza:

```
M/P = 2000 / 1.25 = 1600
1600 = 2000 - 50r
50r = 400
r = 8
```

Asilimia nane. Sasa usiondoke hapo, rudisha jibu ndani: kwa riba 8 watu wanataka 2000 toa 400, ni 1600, na zilizopo ni 1600, zimekutana. Wale wa sifuri wangerudisha jibu lao wangeona kwa sifuri watu wanataka 2000 halisi wakati zilizopo halisi ni 1600, pengo la 400, wangeshtuka wenyewe bila mimi.

Ndiyo kaka, uliza. … Anauliza kwani nani anaiweka hiyo riba iwe nane, kuna mtu anatangaza? Swali zuri sana hilo, na ndo kiini cha mambo, hebu tusogee polepole.

Tuseme leo asubuhi riba iko 10, kwa sababu yoyote ile. Kwa riba 10 watu wanataka kushika 2000 toa 500, yaani 1500. Lakini hela zilizopo ni 1600, na hela haziyeyuki, kila noti lazima iwe kwa mtu fulani. Kwa hiyo kuna bilioni 100 halisi ambazo watu wanazo na hawazitaki kwa riba hiyo. Wanafanyaje? Wanakwenda kununua dhamana. Wote kwa pamoja. Na kitu kikigombaniwa bei yake inapanda.

Chukua dhamana ya serikali ya mwaka mmoja, inauzwa kwa punguzo, ikiiva unalipwa shilingi 100,000 basi, haina kingine. Riba ikiwa 10 inauzwa 90,909, kwa sababu 90,909 ukiiongezea asilimia kumi yake unapata 100,000. Wagombaniaji wakaipandisha mpaka 92,593. Ukilipa 92,593 ukaja kupokea ile ile 100,000, umepata faida ya 7,407, na 7,407 gawanya kwa 92,593 ni asilimia 8. Mmeona? Hakuna aliyetangaza riba. Bei ya dhamana imepanda na riba imeshuka, ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. Na wanaacha kugombania pale riba inapofika 8, maana hapo zile 1600 zote zina mtu anayeridhika kuzishika.

Kinyume chake riba ikiwa 5, watu wanataka 1750, zilizopo 1600, wana upungufu wa hela mkononi, wanauza dhamana, bei inaporomoka, riba inapanda hadi 8. Fanyeni hiyo nyumbani kwa bei ile ile ya dhamana, utaona inaanzia 95,238.

Kabla sijasahau, lile la 8 na 0.08. Ukikutana na swali ambalo mwandishi ameandika 5000r badala ya 50r, huyo anatumia riba kwa desimali, utapata 0.08 na ni jibu lile lile. Shida inakuja ukichanganya, ukachukua 0.08 ukaitia kwenye 50r, unapata 4, mahitaji yanakuwa 1996, hayakutani na 1600 hata kwa dawa. Ukiona riba haitikisi mahitaji kabisa, kagua hapo kwanza.

Sasa tuisogeze. Benki Kuu ikaongeza ujazi kutoka 2000 kwenda 2125, bei hazijabadilika bado. 2125 gawanya kwa 1.25 ni 1700. 2000 toa 1700 ni 300, gawanya kwa 50, riba 6. Imeshuka asilimia mbili. Ikienda mpaka 2500 unapata 2000 halisi na sasa kweli riba inakuwa sifuri. Na ikienda 2750? Hesabu inakupa minus 4, na hapo usiandike minus 4 ukafunga daftari. Mtu hawezi kukupa 104 leo umrudishie 100 mwakani wakati anaweza kuziacha tu kwenye droo zikabaki 104. Ule mstari ulionyooka ulikuwa unafaa huku kwenye riba za kawaida, ukikaribia sifuri unaacha kusema ukweli, watu wanashika hela yoyote utakayowapa na riba haishuki tena.

Dada pale, endelea. … Anasema mwalimu lakini siku hizi tunasikia Benki Kuu inatangaza riba, haitangazi ujazi. Kweli kabisa. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa inafuata ujazi wa fedha mpaka mwisho wa 2023, na Januari 2024 ikahamia kwenye kutumia Riba ya Benki Kuu, ikaanza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikawa 6, Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Hiyo siyo riba ya mkopo wako wa bodaboda, inalenga riba ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku saba. Lakini mlinganyo wetu haujafa, umegeuzwa tu. Zamani unapewa M unatafuta r, sasa unaamua r na M ndo inatafutwa.

Tujaribu kwenye nchi yetu ya mfano. Benki yao inataka riba ibaki 8 pale pale, na pato limekua kutoka 8000 hadi 8400. Robo ya 8400 ni 2100. Wakiacha ujazi vilevile, 2100 toa 1600 ni 500, gawanya kwa 50, riba inaruka hadi 10 na hakuna aliyefanya kosa lolote, uchumi umekua tu na wafanyabiashara wanahitaji hela nyingi zaidi ya kuzungushia. Kwa hiyo ili riba ibaki 8 mahitaji ni 2100 toa 400, ni 1700 halisi, mara 1.25 maana sasa tunarudi kwenye noti zenyewe, unapata 2125.

Hiyo 2125 mmeikumbuka? Ndiyo ile ile ya dakika kumi zilizopita, iliyoishusha riba hadi 6. Ujazi umeongezeka kwa kiasi kile kile na safari hii riba haijasogea hata kidogo, kwa sababu pato nalo limesogea. Kwa hiyo mtu akikuambia hela zimeongezeka basi riba itashuka, muulize Y iko wapi na P iko wapi, halafu mkae chini mkokotoe pamoja.